Tonsesi zimevimba: maji ya chumvi au kijiti cha pamba?

"Nina miaka 29, mpwa wangu ana 8, tunaishi nyumba moja. Leo ni siku ya pili wote koo linatuuma, tonsesi zimevimba na zina madoa meupe. Mimi nina mafua na kikohozi, homa sina. Yeye homa imefika 39, hakohoi, na akiguswa shingo chini ya taya analia. Mama anasema tusukutue maji ya chumvi na kulamba asali. Dada anasema twende tukapimwe bakteria. Nani yuko sahihi?"

Mama yuko sahihi kwako, dada yuko sahihi kwa mtoto. Wanabishana kwa sababu wote wawili wanatazama madoa meupe, na madoa hayo hayamtaji aliyeyaleta. Ni mabaki ya mapambano ya kinga ya mwili, na virusi huyaacha kama bakteria wanavyoyaacha. Virusi vya Epstein-Barr, kwa mfano, vinaweza kufunika tonsesi kwa utando mzito ambao ukiuona utaapa kuwa ni bakteria.

Bakteria anayetafutwa hapa ni streptokoka wa kundi A. Kwa watu wazima wenye koo linalouma, ndiye chanzo kwa takriban mmoja kati ya kumi. Kwa watoto ni kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu hivi. Waliobaki wengi wao ni virusi. Mwaka 1981 daktari Robert Centor na wenzake walipendekeza njia rahisi ya kukisia kabla ya kupima: alama moja kwa homa ya zaidi ya 38, moja kwa tonsesi zenye usaha, moja kwa tezi za mbele ya shingo zinazouma zikiguswa, na moja kwa kutokuwa na kikohozi. Baadaye umri uliongezwa: mtoto wa miaka 3 hadi 14 huongezewa alama moja, na aliyefikisha 45 hupunguziwa moja.

Tuwahesabu sasa. Wewe unapata alama moja tu, ya usaha. Mtoto anapata zote tano. Madoa ni yale yale, lakini kwako uwezekano wa bakteria ni kama mmoja kwa kumi au chini ya hapo, na kwake ni kama nusu kwa nusu.

Watu wengi huuliza, "Si nipime tu nijiridhishe?" Kipimo cha haraka, kile cha kupangusa tonsesi kwa kijiti cha pamba na kusubiri dakika chache, hukamata wagonjwa wa kweli 85 hivi kwa kila 100, na kati ya wasio na bakteria huwasingizia kama 5 kwa kila 100. Chukua watu 100 wanaofanana na wewe, na kumi kati yao wawe na bakteria. Kipimo kitawakamata 8 au 9. Lakini kati ya wale 90 wasio nao, kitawasingizia 4 au 5. Kwa hiyo ukiambiwa "umekutwa nao", kuna theluthi moja ya uwezekano kwamba si kweli. Tena wako watu wanaobeba bakteria huyu kooni bila kuwadhuru. Mtu wa namna hiyo akiugua mafua ya kawaida, kipimo kitamnyooshea kidole bakteria asiye na kosa.

Chukua sasa watoto 100 wanaofanana na mpwa wako, nusu yao wakiwa na bakteria. Hapo "amekutwa nao" inaaminika sana. Jibu la kutiliwa shaka ni "hana", kwa sababu kati ya watoto wote watakaoambiwa hivyo, kama mmoja kwa kila saba bado anao. Ndiyo maana jibu likiwa hasi kwa mtoto wa namna hii, ni busara sampuli ioteshwe maabara, kazi ya siku moja hadi mbili.

Tiba ya nyumbani nayo ipewe haki yake, bila kuongezewa sifa. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, usukutue na kutema mara kadhaa kwa siku, hupunguza maumivu kwa muda. Asali hulainisha koo, ila asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Parasetamo hushusha homa na kumwezesha mgonjwa kumeza. Kwa mtoto pimeni kwa uzito, miligramu 15 kwa kilo, na zipite angalau saa sita kabla ya dozi nyingine. Aspirini msimpe. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoua bakteria, maana wengi wao wamejificha ndani ya nyama ya tonsesi ambako maji ya kusukutua hayafiki. Kuyakwangua madoa kwa kijiko ni kujitia kidonda bure.

Upande wa mama una hoja nyingine ambayo watetezi wa vipimo huipita haraka: hata kama ni bakteria kweli, antibayotiki hupunguza siku za maumivu kwa chini ya siku moja kwa wastani. Wengi hupona ndani ya wiki moja, dawa wasinywe.

Basi kwa nini mtoto apimwe? Kwa sababu ya kinachoweza kufuata koo likishapona. Wiki mbili au tatu baadaye, kwa wachache, kinga iliyochochewa na bakteria huyu hugeuka kushambulia maungio ya mifupa na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, na wanaoshambuliwa zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15. Dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inaukinga moyo. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbia usiku wa manane, ila wiki mbili za asali ni nyingi mno. Akikutwa na bakteria, penisilini au amoksisilini hutolewa kwa siku kumi kamili, ingawa siku ya tatu atakuwa anacheza.

Ninachokiogopa zaidi ni njia ya tatu, ambayo mama na dada hawakuitaja: kununua amoksisilini bila kupimwa na kuiacha maumivu yakiisha. Ikiwa ni bakteria, umemwachia nafasi. Ikiwa ni virusi vya Epstein-Barr, unaweza kuamka na vipele mwili mzima, kisha uandikiwe kuwa una mzio wa penisilini ambao huna.

Kuna dalili zinazofuta hesabu yote hii. Koo kuvimba upande mmoja zaidi, mdomo kushindwa kufunguka vizuri, sauti kuwa nzito kama ya mtu mwenye tonge mdomoni, mate kudondoka kwa kushindwa kumeza, au pumzi kukwaruza: hapo nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni jipu nyuma ya tonsesi au njia ya hewa inaziba.

Na kwa kuwa mnaishi nyumba moja, jibu la mtoto linakuhusu na wewe. Akikutwa na bakteria, kisha kikohozi chako kikakoma na homa ikakupanda, ile alama yako moja itakuwa imefika tatu, na zamu ya kijiti cha pamba itakuwa yako.