Huku China mtoto anapimwa urefu, haulizwi miaka

Wadau wa Iringa na Mbeya, leo niongelee nauli za watoto maana huku Shanghai mambo ni tofauti kabisa. Metro ya hapa mtu mzima anaruhusiwa kupita bure na mtoto mmoja asiyefika mita 1.3, na wala hakuna anayekuuliza kazaliwa lini. Pale getini kuna mstari ukutani, mtoto akiwa mfupi waziwazi anapita tu, ila akiwa pale pale kwenye mstari ndo anaambiwa asimame wima, visigino viguse ukuta, aangalie mbele. Watoto wana ujanja wao bwana, anakunja magoti kidogo chini ya suruali pana ukidhani kasimama sawa, na kwa wanaosuka nywele juu mhudumu anabonyeza kwanza ndo asome.

Kwa treni za mikoani zamani mistari ilikuwa miwili, chini ya mita 1.2 bure bila siti, kati ya 1.2 na 1.5 nusu, kuzidi hapo ni nauli ya mkubwa. Sasa chukua dogo wa miaka 6 mwenye sentimita 124 na binti wa miaka 8 mwenye 118, wanasafiri pamoja kila mmoja na mzazi wake, dogo analipa nusu na dada mtu anapita bure! Na yule wa miaka 13 aliyerefuka mapema analipa kama baba yake. Malalamiko yalikuwa mengi, ndo kuanzia Januari 2023 treni zenye tiketi za jina wakahamia kwenye umri, chini ya miaka 6 bure, kuanzia 6 hadi kabla hajatimiza 14 nusu, kwa sababu namba ya kitambulisho inaonyesha tarehe ya kuzaliwa.

Huko kwetu stendi ya Igumbilo au Nanenane Mbeya kipimo ni mdomo wa konda. Ukimpakata halipi, akikaa siti analipa, na mwanafunzi anatambulika kwa yunifomu, basi. Ukisema ana miaka minne konda anacheka, na cheti cha kuzaliwa kipo kwenye sanduku kijijini, kama kipo.

Kuna watu wanasema tuchore mstari mlangoni mwa basi tumalize ubishi. Mimi nauogopa huo mstari ukiwa peke yake, maana utafiti wa afya wa 2022 ulikuta Iringa zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa. Weka mstari wa Wachina pale, wa miaka 8 au 9 kibao watapita bure, mwenye basi ataona hasara na kesho yake atashusha mstari, halafu atakayeumia ni mtoto mdogo aliyekula vizuri tu akarefuka. Singapore nadhani wameweza zaidi, chini ya sentimita 90 anapita bure bila karatasi, akizidi hapo lakini hajafika miaka 7 anapewa kadi anaendelea bure. Yaani mstari ni wa wasio na cheti, na cheti kinamwokoa mrefu. Hiyo hata konda wa Mafinga anaielewa.