Kola Zilizofichwa Chini ya Meza

Nyumbani nilishona kola za mashati kwa miaka minne katika karakana iliyotulipa kwa idadi, yaani kila kola iliyopita ukaguzi ilikuwa na ujira wake. Huku ugenini ninafanya kazi ghalani, ninalipwa kwa saa, na timu ikifikisha lengo la mwezi hupata bonasi. Jamaa zangu wakiniuliza tofauti iliyopo, hutarajia niwaambie kwamba watu wa huku wana bidii kutuzidi. Sikubaliani na maneno hayo, kwa sababu mimi ni yuleyule, na mwendo wangu kazini umebadilika kwa kufuata namna ninavyolipwa.

Mwanzoni kule karakana mtu alishona kola 60 kwa siku. Tulipozoea mashine tukafika 80, na mwezi uliofuata ujira wa kila kola ukapunguzwa kwa robo. Ukipiga hesabu, kola 80 kwa ujira mpya zilileta kiasi kilekile cha kola 60 za awali, kwa hiyo tulikuwa tumeongeza kazi kwa theluthi bila kupata chochote. Tangu siku hiyo hakuna aliyezidi 65. Aliyemaliza mapema alizificha kola za ziada chini ya meza akazitoa siku aliyojisikia vibaya, na mgeni mwenye mbio alionywa na wenzake kabla msimamizi hajamsifu. Msimamizi alituita wavivu, ilhali tulikuwa tunalinda ujira wetu.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, watafiti waliwachunguza wanaume 14 katika chumba cha kuunganisha nyaya kati ya mwaka 1931 na 1932. Malipo yao yalitegemea kazi ya kundi zima, lakini walikuwa wamewekeana kiwango cha siku, na aliyekizidi alipigwa ngumi ya bega. Walihofu kwamba kazi ikiongezeka, ujira wa kila kipande ungekatwa.

Kasoro nyingine ya kulipwa kwa idadi inaonekana kwenye mshono wenyewe. Mshonaji mwenye haraka hurefusha hatua ya sindano, kola ikaisha upesi na ikapendeza mezani, kisha ikafumuka baada ya kufuliwa. Kwetu kola zote zilichanganywa katika kapu moja, hivyo haikujulikana iliyofumuka ni ya nani. Mashine nazo zilikosa mafuta, na wanagenzi walikosa wa kuwafundisha, maana dakika za shughuli hizo hazikuwa na malipo.

Hata hivyo siwezi kusema mfumo huo haufai. Kampuni ya Safelite ya Marekani, inayobadilisha vioo vya magari, iliacha malipo ya saa na kuanza kulipa kwa kioo katika miaka ya 1994 na 1995, na kazi ya kila fundi ikapanda kwa wastani wa asilimia 44. Takriban nusu ya ongezeko hilo ilitokana na mafundi walewale kuongeza kasi. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitokana na mabadiliko ya nani anaajiriwa na nani anaondoka. Kioo kina fundi anayejulikana, na kikipata hitilafu kwa kosa lake alikirudia bila malipo. Aliyepata kidogo kwa vioo alilipwa kima cha saa kilichohakikishwa.

Ghalani kwetu, malipo ya saa yametupa utulivu: mzoefu humfundisha mgeni bila kujihisi anaibiwa muda. Gharama yake ni msimamizi anayezunguka kutwa, maana akitoka mwendo hupungua, na mimi pia hupunguza. Bonasi ndiyo yenye vituko. Tukiona kufikia tarehe 20 kwamba lengo halifikiki, watu hulegea hadi mwisho wa mwezi. Tukilifikia mapema, mizigo iliyo tayari husubiri ihesabiwe mwezi unaofuata. Bonasi ingepanda kidogo kidogo kwa kila shehena badala ya kukaa upande wa pili wa mstari mmoja, tusingekuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Kamisheni nimeiona kwa wauzaji wetu tu: humwahidi mteja lolote ili atie sahihi, kisha bidhaa hurudi. Inafaa ilipwe baada ya muda wa kurudisha bidhaa kupita.

Kwa karakana za nyumbani sitaki tuige malipo ya saa jinsi yalivyo. Ningependa ujira wa kola uandikwe na usiguswe mwaka mzima, isipokuwa mashine au mtindo wa shati umebadilika. Kila mshonaji atie namba yake ndani ya kola. Na muda wa kupaka mashine mafuta na kufundisha wanagenzi ulipwe kwa saa. Msimamizi akitaka kujua kama washonaji wameamini maandishi hayo, ainame atazame chini ya meza.