Barua ya Posa Ikishafunguliwa

"Shikamoo dada. Nina miaka 26, nimezaliwa na kukulia Ujiji. Huu ni mwaka wa tatu niko na kijana wa Kasulu, ni mwalimu, na ni Mkatoliki. Nyumbani hawajui kabisa. Juzi mama kaniambia kuna familia ya Mwandiga wanaleta barua ya posa baada ya Idi. Mwenzangu anasema tunyamaze kwanza mpaka apate uhamisho. Niseme sasa au nisubiri? Na nianzie kwa nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na upande wa kunyamaza, maana watu wazima tuna haraka ya kuulaumu.

Mji wetu ni mdogo. Binti akionekana mara mbili pale Mwanga akisubiri daladala na mtu yule yule, kabla ya magharibi habari imeshafika nyumbani kwao. Na mahusiano ya miezi michache yakishafikishwa mbele ya wazazi, yanaitwa uchumba hata kama wenyewe hawajafika huko. Wakiachana, kijana anaendelea na maisha yake, ila binti ndiye anayebaki kuulizwa "yule naye mliachana kwa nini?" Kwa hiyo anayekaa kimya mwaka au miwili ili amjue mtu vizuri, mimi simuiti mwongo. Anajisitiri. Zipo pia nyumba ambazo kusema ni kupigwa, kunyang'anywa simu na kusafirishwa kwa ndugu wa mbali. Huko siri ni ukuta, na asiubomoe mtu kabla hajapata mahali salama pa kukaa. Akishatishiwa, kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, aende. Barua yako hainionyeshi kwamba nyumba yenu ni ya namna hiyo.

Tatizo ni kwamba siri haibaki vile vile ilivyoanza. Inabadilika siku mtu mwingine anapoanza kufanya mambo yake kwa kutegemea kimya chako. Mpaka mwezi uliopita mama yako alikuwa hajui tu. Sasa anapanga. Pengine ameshamdokeza shangazi yako, na huko Mwandiga kuna mtu anatafuta mshenga. Kimya kile kile cha miaka mitatu, bila wewe kuongeza neno, kimeanza kusema "sina mtu". Kwangu mimi hapo ndipo mpaka ulipo, na wewe umeshaufikia.

Nimeliona hili nyumbani kwetu. Mdogo wangu alikuwa na kijana Mkristo wa Kibondo, akanyamaza kama wewe. Barua ya posa kutoka kwa watu wengine ikaja siku ya Jumapili, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, na ndani ya bahasha kuna shilingi 50,000. Baba mdogo akaifungua mbele ya wazee, akaisoma kwa sauti, mshenga akaambiwa arudi baada ya wiki mbili kuchukua jibu. Siku ya tisa mdogo wangu ndipo akasema. Nilidhani ugomvi utakuwa wa dini. Wa dini ulikuwepo, lakini uliomvunja mama ulikuwa mwingine. Nakumbuka amekaa mlangoni na ungo wa mchele mapajani, hapepeti, akawa anarudia neno moja: "Ungeniambia Jumamosi, barua ingeishia kwangu." Baba ikabidi arudishe zile fedha na kuomba radhi kwa watu aliokuwa amewakaribisha kwa heshima zote. Yule kijana wa Kibondo alikuja kusilimu kwa hiari yake, nikaha ikafungwa, na leo wana watoto wawili. Lakini baba akimwona yule mshenga msikitini, hadi leo huhamia safu nyingine.

Sasa nitazame hoja ya mwenzako kwa haki, kwa sababu si ya kijinga. Mwalimu aliyehamia karibu ana sura ya kuaminika zaidi mbele ya wakwe kuliko aliyeko mbali. Akija na mpango, watamsikiliza. Tena kuna wanaosema tufunge ndoa kwanza, wazazi wakute jambo limeshakwisha, watazoea. Hebu tuifuate njia hiyo mpaka mwisho tuone inatokea wapi.

Nikaha: kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu hii ya ziwa, bibi harusi anaozeshwa na walii wake, na walii wa kwanza ni baba. Kadhi anaweza kushika nafasi hiyo baba akikataa bila sababu ya kisheria, lakini mwanamume kutokuwa Mwislamu ni sababu. Bila yeye kusilimu, mlango huo umefungwa. Kanisani: Mkatoliki anayeoa asiyebatizwa anahitaji ruhusa maalumu ya askofu, na anaahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa kikatoliki. Ndoa hutangazwa parokiani kabla ya kufungwa, na likitangazwa Kasulu, Ujiji si mbali. Bomani: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio la kuoana si chini ya siku 21 kabla, na taarifa hiyo inatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wewe umeshapita miaka 18, kwa hiyo sheria haikudai ridhaa ya baba, na kuchukia tu kwake si pingamizi. Mahari kutolipwa nako hakubatilishi ndoa. Lakini hizo siku 21 jina lako liko hadharani.

Inabaki sogea tukae. Ukihamia kwake mkaishi miaka miwili na watu wakawaona kama mke na mume, sheria hiyo hiyo inaweza kudhania kuwa mmeoana. Ni dhana tu, mtu anaweza kuipinga mahakamani ikakubidi wewe ulete mashahidi. Na hao mashahidi ni majirani na ndugu, yaani wale wale uliowaficha.

Unaona kwamba hakuna hata njia moja inayofika kwenye ndoa bila watu kujua. Kwa hiyo nyumbani watajua tu, wewe utake usitake, na kilichobaki mkononi mwako ni nani awaambie. Ndiyo maana naona kusubiri uhamisho hakukupi kitu. Uhamisho wa mwalimu una ngazi zake na haujui Idi ni lini, na barua ya Mwandiga haiusubiri.

Kabla hujafungua mdomo, kuna mazungumzo mawili na mwenzako. La kwanza, je, yeye ameshasema kwao? Kama mama yake kule Kasulu anajua jina lako, ombi lake la kusubiri ni la mtu mwenye hofu ya kawaida. Kama miaka mitatu imepita na hata dada yake hakujui, usiulaumu uhamisho. Huenda siri hiyo inamfaa yeye kuliko inavyokufaa wewe. La pili ni dini, na hili msilikwepe kwa kusema "tutaona mbele ya safari". Atasilimu? Utakubali ndoa ya bomani kila mmoja abaki na dini yake, ukijua kwamba wazee wako hawataihesabu kuwa ndoa? Watoto je? Sikulazimishi jibu lolote katika hayo. Ninachojua ni kwamba swali la kwanza nyumbani litakuwa hilo, na binti anayejibu "hatujazungumza" anaonekana ameokota mtu njiani. Na asije akaahidi kusilimu ili tu kutuliza wakwe. Ahadi hiyo hudaiwa kila Ramadhani.

Nianzie kwa nani? Wengi watakwambia shangazi, kwa kuwa ana sauti kwa kaka yake na anajua kupooza maneno. Mimi sikubaliani nao, si kwa hali yako. Mama yako ndiye aliyekuletea habari ya posa, ndiye anayesubiri jibu lako. Akisikia kutoka kwa wifi yake, ataumia mara mbili, na huyo uliyemfanya wa pili kujua hatakusemea vizuri. Mwambie mama kwanza, halafu yeye mwenyewe aamue nani ampelekee baba. Huenda akamchagua shangazi huyo huyo, lakini atakuwa amemtuma yeye.

Mwambie mkiwa wawili, mchana, mikono yenu ikiwa na kazi: mnachambua mchele, mnatwanga sombe. Usimwambie kwa simu, wala usiku, wala siku ambayo nyumba ina wageni au msiba. Anza na lililo la haraka: "Mama, ile barua ya Mwandiga naomba isipokelewe. Kuna mtu, nina miaka mitatu naye." Kisha toa yote kwa mkupuo mmoja: jina lake, kwao, kazi yake, dini yake. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanasema kabila leo, dini wanaiweka akiba mpaka mama apoe, kisha mama anaisikia sokoni. Jina la ubatizo litakusaliti hata hivyo. Akikuuliza umeficha kwa nini, usijitetee kwa hoja. Mwambie uliogopa, kwa sababu ndiyo kweli.

Usitegemee ridhaa siku hiyo. Mama anaweza kulia, anaweza kukaa siku tatu hasemi nawe. Baba akisikia anaweza kunyamaza kabisa, na kunyamaza kwa baba si kukataa. Mara nyingi anasubiri kuona kama kijana atatuma watu. Unachopaswa kukitazama wiki hiyo ni kimoja tu: je, habari imefika Mwandiga kwa adabu kwamba wasije? Hiyo ikifanyika, hata kama nyumba ina kishindo, hakuna mgeni aliyeaibishwa, na mengine yote yana muda. Mazungumzo ya dini yanaweza kuchukua mwaka mzima, na ni halali yachukue.

Nakusihi usivuke wiki hii. Na mwenzako apande gari aje Kigoma mjini siku utakayosema, alale hapo, simu yake iwe na chaji. Asije Ujiji, asubiri tu. Mama akishafuta machozi, atakachouliza baada ya dini ni "Na yeye mwenyewe yuko wapi?"