Riba imebeba mfumuko, mapato yako yamebaki na bei za leo

Kuna hesabu za miradi naletewa na watu wanaotaka kununua mashine, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Mtu anaandika mapato ya mwaka wa kwanza kwa bei anazoziona sokoni sasa hivi, anakopi ile namba mpaka mwaka wa tano, halafu anazipunguza kwa riba aliyopewa na benki, yaani kwa kila mwaka wa kungoja hela anagawanya kwa moja jumlisha riba, ili ajue zina thamani gani leo. Bei zikiwa zimetulia hiyo haina madhara sana. Mfumuko wa bei ukiwa juu unaua mradi mzuri bure kabisa, maana riba ya benki ndani yake tayari ina mfumuko, benki si wajinga, wanajua shilingi utakayowarudishia mwakani itanunua kidogo.

Chukua Kenya mwisho wa 2011. Mfumuko ulifika 19.72% mwezi wa Novemba, Benki Kuu ikapandisha riba yake mpaka 18% Desemba, na mikopo ya kawaida ikawa juu ya hapo. Sasa tuseme jamaa wakati huo anataka poshomili, mashine na banda vimesimama milioni moja, na akitoa umeme na mshahara wa kijana wa mashine anabaki na 300,000 kwa mwaka kwa bei za siku ile. Mashine itafanya kazi miaka mitano, riba ni 25%, mfumuko tuuweke 20% ili hesabu iwe nyepesi. Namba za poshomili nimezitunga.

Akipunguza 300,000 zake za kila mwaka kwa 25% anapata jumla kama 807,000. Mashine ni milioni, kwa hiyo anaambiwa hasara ya 193,000, anaachana nayo.

Lakini hiyo 300,000 haitakaa palepale miaka mitano wakati bei ya kusaga debe inapanda kila mtu akiona. Mwaka wa kwanza itakuwa 360,000, wa pili 432,000, na mwaka wa tano inakaribia 746,000. Ukizipunguza hizo kwa 25% jumla inakuja 1,329,000. Au ukipenda kubaki na bei za leo, sawa, ila riba nayo uivue mfumuko:

```
(1 + 0.25) / (1 + 0.20) - 1 = 0.0417
```

Yaani 4.17%. Punguza 300,000 kwa hiyo, unapata 1,329,000 ileile. Mradi ulioonekana hasara ya 193,000 kumbe una ziada ya 329,000. Na usitoe tu 25 kwa 20 ukasema 5, watu wengi wanafanya hivyo, hapa inakupunguzia kama elfu 30, na mfumuko ukipanda zaidi pengo linakuwa kubwa, wewe gawanya.

Mpaka hapo vitabu vinakuambia chagua njia yoyote, majibu ni mamoja. Mimi sikubaliani. Majibu ni mamoja kama kila kitu kwenye mradi kinapanda na bei, na kwenye biashara ya kweli kuna vitu havipandi.

Cha kwanza ni kodi. Punguzo la uchakavu linahesabiwa kwa bei uliyonunulia mashine, sio bei ya kuinunua leo. Tuseme kwa urahisi unaruhusiwa 200,000 kila mwaka kwa miaka mitano na kodi ni 30%, basi kila mwaka unaokoa 60,000. Hiyo 60,000 ni ileile mwaka wa kwanza na mwaka wa tano, mfumuko unaitafuna tu, kwa hiyo lazima ipunguzwe kwa 25% na thamani yake leo ni kama 161,000. Mtu wa bei za leo anaiandika 60,000 kwenye kila safu pamoja na mapato mengine, anapunguza vyote kwa 4.17%, anapata 266,000. Amejiongezea laki moja na zaidi ambayo haipo. Mapato yenyewe baada ya kodi (210,000 kwa bei za leo) yana thamani ya 930,000 na kitu, kwa hiyo ukweli ni ziada ya kama 92,000, yeye faili lake linasoma 196,000. Na hakuna mahali eksel itapiga kelele.

Cha pili ni madeni ya wateja, na hiki ndicho kinachonikera zaidi maana hata wahasibu wazuri wanakipita. Poshomili hii inasagia shule na vihoteli kwa mkopo, wakati wowote kuna kazi ya kama 100,000 haijalipwa. Kwa bei za leo hiyo ni 100,000 kila mwaka, haibadiliki, kwa hiyo faili linaonyesha umetoa laki mwanzoni, katikati sifuri, mwishoni umerudishiwa laki yako. Gharama yake ukiipunguza kwa 4.17% ni kama elfu 18 tu, nani atajali.

Sasa angalia hela zenyewe. Mwaka ukiisha kazi ileile, magunia yaleyale, imekuwa deni la 120,000. Ile 20,000 ya juu umeiandika kama mapato lakini mkononi hujaiona, iko kwa wateja. Mwaka unaofuata ni 24,000 nyingine, halafu 28,800, halafu 34,560. Mwaka wa tano unakusanya 207,360 zote, ila kwa 25% kwa miaka mitano hiyo ni kama elfu 68 za leo. Piga jumla, kubeba madeni kumekugharimu karibu 92,000 za leo. Yaani ile ziada yote ya baada ya kodi imeishia kwenye vitabu vya madeni vya watu, na mradi uko sifuri. Kwa hiyo hapo ukiamua kuuza kwa pesa taslimu tu umebadilisha jibu la mradi mzima, kitu ambacho kwenye faili la bei za leo usingekiona kabisa.

Ndio maana mimi nasema mfumuko ukishapita kama 10% andika hela kama zitakavyoingia na kutoka, mwaka kwa mwaka, na riba iache ilivyo. Inachosha lakini kodi na madeni vinakaa mahali pake vyenyewe. Kuna faida nyingine pia, unalazimika kuuliza kila mstari unapanda kwa kasi gani. Umeme na vipuri vya nje havifuati bei ya kusaga, Oktoba 2011 dola moja iligonga kama shilingi 107, na aliyekuwa anangoja spea ya mota alijua.

Ubaya wa njia yangu ni kwamba inahitaji ubashiri mfumuko, na hapo watu wanachukua namba ya mwezi uliopita wanaivuta miaka mitano. Desemba 2012 mfumuko Kenya ulikuwa 3.2%. Aliyeandika 20% kila mwaka alikuwa na mapato ya ndoto kuanzia mwaka wa kwanza. Kama mkopo wake riba ilikuwa inashuka na soko, angalau pande zote mbili zilishuka, na kwenye hesabu kila mwaka unatumia riba yake na mfumuko wake. Kama alifungiwa 25% miaka yote mitano, basi mfumuko wa 3.2% unamaanisha riba aliyoibeba kweli imeruka kutoka 4% mpaka 21%, na hakuna poshomili ya milioni inayoingiza laki tatu itakayobeba hiyo. Kabla ya kusaini uliza riba ni ya kupanda na kushuka au imefungwa, halafu rudi kwenye faili uweke mfumuko unaoshuka uone kinabaki nini.