Posti ya fistula isisomeke kama meseji ya matapeli

Kila Mei 23 inapokaribia, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi, kurasa za asasi huko Instagram hujaa posti za slaidi, zile za kutelezesha kidole. Nyingi zimepambwa vizuri na zina kosa lilelile. Slaidi sita zinaeleza tatizo, ya saba inasema "Changia sasa, okoa maisha", na chini yake kuna namba ya simu ya mtu. Watu waliokwisha kupokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mara mia huwezi kuwalaumu wakiipita.

Kwa maoni yangu posti ya namna hii iandikwe kuanzia mwisho. Kabla ya kuchagua rangi, jua unaomba nini hasa. Kwa Tanzania jibu halihitaji kutafutwa sana, maana hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam hufanya upasuaji wa fistula bure, na bado wapo wanawake wanaokaa nyumbani kwa miaka. Kinachowazuia mara nyingi ni nauli. CCBRT walianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wao, yaani watu wanaowatafuta wagonjwa huko waliko, ambao humkatia mwanamke tiketi na kumpandisha basi. Basi omba nauli, na uitaje kwa jina lake.

Nauli yenyewe ina mambo ambayo mchangiaji hayajui, na hapo ndipo posti inapopata uzito. Mwanamke mwenye fistula huvuja mkojo bila kujizuia, na huogopa safari inayochukua saa 12 akiwa amebanana na watu, kwa hiyo huacha kunywa maji tangu jana yake. Mkojo unakuwa mzito, harufu inazidi na ngozi inachubuka zaidi. Ndiyo maana bajeti ya safari moja iwe na tiketi ya kwenda na kurudi, pedi kubwa za kutosha njia nzima, khanga mbili za kubadilisha, na chakula. Chukua gharama hizo kwenye daftari la asasi yako, usikisie. Ukiandika "Sh 10,000 ni pedi na khanga za safari moja", iwe kweli ndivyo.

Sasa rudi mwanzo. Slaidi saba zinatosha, upana pikseli 1080 na urefu 1350, kila moja isizidi maneno 25 hivi. Ya kwanza: "Uchungu ulipita siku mbili. Hakukuwa na chumba cha upasuaji karibu." Ya pili: "Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mkojo au kinyesi huvuja bila kujizuia." Ya pili ieleweke hata peke yake, kwa sababu Instagram huweza kumwonyesha hiyo mtu aliyeipita ya kwanza. Tena posti ikifika WhatsApp hugawanyika: mtu anapiga picha ya skrini slaidi moja na kuitupa kwenye kundi. Jina la asasi liwe kwenye kila slaidi.

Ya tatu ndiyo ya sababu: kichwa cha mtoto kinakwama kwenye nyonga, kinabana nyama laini kwa muda mrefu, damu haifiki, nyama inakufa na baada ya siku kadhaa tundu linabaki. Wengine hupata tundu hilo kwa kujeruhiwa wakati wa upasuaji, na hilo nalo lisemwe. Ya nne ni habari ya matibabu, ya tano namba ya kupiga bure, ya sita nauli, ya saba malipo.

Kwenye maneno ndiko watu wema huumiza wenzao. "Mwathirika wa fistula" liache. Neno hilo kwa miaka mingi limebeba habari ya virusi vya ukimwi, na msomaji ataunganisha mwenyewe. Sema "mwanamke anayeishi na fistula". "Alichelewa kwenda hospitali" ni hukumu, kwani huenda alisubiri gari, au ruhusa ya mtu mwingine. Sema msaada haukufika kwa wakati. "Ugonjwa wa mabinti walioolewa mapema" si sahihi pia, kwa sababu fistula humpata hata mwanamke wa mimba ya tano. Na wale wanaoandika "sehemu za siri" kwa kuona haya wanamwacha msomaji asijue tundu liko wapi. "Uke" si tusi.

Picha ya mama akimkumbatia kichanga iondolewe kabisa. Katika uchungu wa namna hii mara nyingi mtoto hazaliwi hai, na mwanamke mwenyewe huenda ataiona posti. Picha ya mikono au ya khanga kwenye kamba inatosha. Ukitaka uso wa mtu, pata ridhaa ya maandishi na umweleze kwamba picha ya mtandaoni hairudi. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Slaidi ya nne isiahidi kupita kiasi. "Wengi hupona kwa upasuaji. Wengine huhitaji zaidi ya mara moja." Wapo ambao tundu huzibwa vizuri na bado mkojo hutoka wakikohoa, na aliyeahidiwa "utapona kabisa" atadhani kosa ni lake.

Namba ya matibabu, slaidi ya tano, iandikwe kwa jirani, si kwa mgonjwa. Mwenye tatizo mara nyingi hana simu janja, ila dada yake au mwalimu wa kijijini anayo. "Ukimjua, mwambie mkiwa wawili tu. Mwanamke atapokea simu." Usiandike "una tatizo hili? Andika hapa chini", maana hapo unamwanika mtu mbele ya ukoo wake. Namba hii isikae slaidi moja na ya malipo. Zikiwa pamoja, wachangiaji wataipigia ya wagonjwa na kuuliza risiti.

Kuhusu mwito wa kujitolea kuwa balozi, nisingeuweka kabisa kwenye posti hii. Balozi hufundishwa kuuliza maswali ya faragha, na mwito wa wazi huleta watu wa kupiga picha. Ombi moja linatosha.

Slaidi ya saba basi. Tumia malipo ya bili badala ya namba ya mtu, kwa sababu mlipaji huweka namba ya kumbukumbu na mhasibu anajua fedha ni ya nauli. Kumbukumbu iwe fupi, mathalani 2305. Andika hivi:

"1. Piga *150*00#, chagua Lipa kwa M-Pesa.
2. Namba ya kampuni: ______
3. Kumbukumbu: 2305
4. Kiasi: 10,000
5. Jina litakalotokea: ______. Likiwa tofauti, usithibitishe malipo."

Mstari wa tano ndio unaokutenga na matapeli. Jina liwe herufi kwa herufi kama mtandao unavyolionyesha, hata kama ni jina refu la usajili ambalo hakuna anayelitumia. Rudia namba kwenye maelezo chini ya posti, kwa kuwa iliyo ndani ya picha mtu huinakili kwa macho na hukosea tarakimu. Kiungo kwenye maelezo hayo hakibonyezeki, kiweke kwenye wasifu wa ukurasa.

Siku moja kabla, mtu asiye wa asasi alipe Sh 1,000 kutoka kila mtandao mnaoutaja, akisoma slaidi tu bila kuelekezwa. Akikwama popote, au jina likitokea tofauti, posti isubiri.