Usiku Niliolala Kati ya Nchi Mbili

Nilikuwa narejea Tanzania kutoka Malawi, nikiwa na mfuko wa kilo tano za usipa, wale dagaa wa ziwa ambalo sisi tunaliita Nyasa na wenzetu wanaliita Malawi. Nilikwisha kuuliza mapema kituo cha mpakani hufungwa saa ngapi. Upande wa huko niliambiwa saa 12 jioni, na ndugu yangu wa huku naye akanithibitishia kwa simu kwamba ni saa 12 jioni. Kwa kuwa majibu yalilingana, nilikula chakula cha mchana kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa.

Saa yangu ya mkononi ilionyesha saa 11:05 jioni nilipogongewa muhuri wa kutoka. Afisa alinirudishia pasipoti, akaniambia, “Fulumirani!” Nikadhani ananitakia safari njema, nikamjibu “Zikomo kwambiri” na kuinama kidogo kwa adabu, kisha nikaanza kuvuka daraja taratibu huku nikitazama mto. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba neno lile maana yake ni “fanyeni haraka.”

Katikati ya daraja simu yangu ilinasa mtandao wa nyumbani, na saa yake ikaruka kutoka 17:12 hadi 18:12. Nikaona simu imeharibika. Nilipofika kwenye ofisi ya uhamiaji nilikuta mlango una kufuli na pazia la dirishani limeshushwa. Askari wa zamu alitazama saa yangu, akatazama uso wangu, akauliza kwa upole, “Mzee, hiyo saa umetoka nayo ng’ambo?”

Malawi iko saa mbili mbele ya Grinichi, na sisi tuko saa tatu. Kwa hiyo saa 12 yao ni saa 1 yetu, na watu wawili walionijibu walikuwa wamesema kweli, kila mmoja kwa saa ya kwao. Nchi ambazo hazijaafikiana hata jina la ziwa, mimi nilizitarajia ziafikiane saa ya kufunga mlango!

Swali likawa nisubiri wapi. Niliketi kwenye ngazi za ofisi, askari akaniondoa, kwa kuwa ile ni njia ya kupita. Nikaomba niende kwa mama lishe aliyekuwa hatua thelathini mbele, nje ya geti, ambako harufu ya maharage ya nazi ilikuwa inaniita kwa jina. Akanieleza kwamba aliyegongewa muhuri wa kutoka huko na hajagongewa wa kuingia huku bado hajaingia nchini, na kwa mama lishe tayari ni nchini. Ama nirudi ng’ambo nikaombe muhuri wa kutoka ubatilishwe, ama nilale kwenye banda la ukaguzi wa mizigo pamoja na madereva wa malori.

Kwa kuwa nilikwisha kuona aibu ya saa yangu, niliisogeza mbele saa nzima. Ikasoma 12:20. Nikajiambia kwamba ng’ambo nako wamekwisha kufunga tangu saa 12, hakuna haja ya kurudi. Saa 1 usiku nilipoona taa za ofisi ya ng’ambo zinazimwa ndipo nilipogundua kwamba walikuwa wazi muda wote huo, nami nimeketi nikiwahurumia kwa kuwahi kulala.

Mama lishe alinitumia sahani ya ugali na maharage kwa kijana wake, na askari akaipokea juu ya kizuizi cha geti, maana sahani iliruhusiwa kuvuka kuja kwangu, mimi tu ndiye sikuruhusiwa kuifuata. Dereva mmoja akaniazima mkeka. Nilipoutandika ubavuni mwa lori lake ili nikingwe upepo, alinihamisha, akisema magari mengine husogezwa gizani bila kuuliza nani kalala wapi. Nikahamia ukutani, mahali ambapo askari angeweza kuniona, mfuko wa usipa ukiwa mto wangu. Mbu walikuwa wengi, lakini walionishinda ni paka. Sikujua kwamba mpaka ule una paka wengi kiasi kile, na wote hawahitaji pasipoti.

Saa 12 asubuhi, ya huku, afisa alifungua dirisha, akaona tarehe ya muhuri wa kutoka, akainua macho.

“Umetoka Malawi jana, unaingia Tanzania leo. Usiku ulilala nchi gani?”

Nikamwonyesha banda. Akacheka hadi mwenzake akaja kusikia, kisha akanigongea na kunielekeza kwa watu wa forodha, ambao waliufungua mfuko wangu uliochanwa pembe mbili.

“Hawa dagaa ni kilo ngapi?”

“Jana, afande,” nikasema, “walikuwa kilo tano.”