Sukuma Alama ya Si Hadi Chini Kabla ya Kusambaza

Wanafunzi wengi wa mantiki wakiambiwa waigeuze fomula iwe katika umbo sanifu, mkono hukimbilia jedwali la ukweli. Wanajaza kweli na uongo mstari baada ya mstari, kisha wanalisoma jibu moja kwa moja kutoka kwenye jedwali. Jibu linakuwa sahihi na mwalimu anatia vema. Mimi naona jedwali lisiwe njia ya kwanza kufundishwa, kwa sababu humpa mwanafunzi jibu bila kumwonyesha fomula inadai nini. Njia ya kwanza iwe ile ya kanuni, hatua kwa hatua, na katika hatua hizo kuna moja ya katikati ambayo watu huipita mbio ilhali ndiyo inayostahili kituo: pale ambapo kila alama ya si imeshuka hadi kugusa herufi.

Kwanza tukubaliane kuhusu tunachokitafuta. Herufi kama p, au herufi yenye si mbele yake kama ¬p, nitaiita kipande. Umbo sanifu la NA ni vifungu vilivyounganishwa kwa NA, na ndani ya kila kifungu mna vipande vilivyounganishwa kwa AU. Umbo sanifu la AU ni kinyume chake: mafungu yaliyounganishwa kwa AU, na ndani ya kila fungu vipande vimeunganishwa kwa NA. Nayaita hivyo kwa kufuata kiunganishi cha nje. Kwenye programu za kompyuta la kwanza huandikwa `CNF` na la pili `DNF`.

Chukua fomula hii:

```
(p → q) → (q ∧ r)
```

Ukiisoma ilivyo, ni vigumu kusema inataka nini. Hatua ya kwanza ni kuondoa mishale. Kauli "kama A basi B" ni sawa kimantiki na "si A, au B". Naanza na mshale wa nje, kisha wa ndani:

```
¬(p → q) ∨ (q ∧ r)
¬(¬p ∨ q) ∨ (q ∧ r)
```

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Mtu anaona ¬(p → q) na anaandika ¬p → ¬q, kana kwamba si inaweza kuingia ndani ya mshale na kugawiwa pande zote mbili. Haiwezi. "Kama p basi q" huvunjika katika hali moja tu, yaani p ikiwa kweli na q ikiwa uongo. Kwa hiyo kuikanusha kauli hiyo ni kusema p ∧ ¬q, wala hakuna mshale unaobaki. Ukikuta mshale bado umo baada ya kukanusha mshale, rudi nyuma.

Hatua ya pili ni kuisukuma si ndani kwa kanuni za De Morgan. Si inapoingia kwenye mabano, kila kilichomo hukanushwa na kiunganishi hubadilika: AU huwa NA, na NA huwa AU. Si mbili zikikutana, zinafutana. Basi ¬(¬p ∨ q) inakuwa p ∧ ¬q, na fomula nzima ni:

```
(p ∧ ¬q) ∨ (q ∧ r)
```

Simama hapa. Hakuna mshale tena, na kila si imegusa herufi moja. Hiki ndicho kituo ninachokisema, kwa sababu hapa njia mbili zinaachana, na mara nyingi utakuta mojawapo umekwisha kuimaliza bila kujua. Fomula yetu tayari iko katika umbo sanifu la AU: mafungu mawili, kila moja likiwa na vipande viwili. Nimeona watu wakilifikia umbo hili, kisha wanaanza kusambaza upya kwa sababu wameambiwa hatua ya tatu ni kusambaza. Wanatoka na mafungu manne au matano yenye marudio, wakati kazi ilikuwa imekwisha.

Kwa umbo la NA bado kuna kazi. Tunaisambaza AU juu ya NA: kila kipande cha fungu la kwanza kinakutana na kila kipande cha fungu la pili.

```
(p ∨ q) ∧ (p ∨ r) ∧ (¬q ∨ q) ∧ (¬q ∨ r)
```

Kifungu (¬q ∨ q) ni kweli daima, hakidai chochote, kwa hiyo kinaondoka. Vinabaki vitatu, na wengi huishia hapo. Lakini tazama (p ∨ r). Kinatokana na viwili vilivyobaki: q ikiwa uongo, (p ∨ q) kinatulazimisha p iwe kweli, q ikiwa kweli, (¬q ∨ r) kinatulazimisha r iwe kweli. Kwa vyovyote p au r ni kweli. Kifungu hicho ni mzigo tu, nacho kinaondoka pia:

```
(p ∨ q) ∧ (¬q ∨ r)
```

Sasa fomula imefunguka. Inasema: q ikiwa kweli, nipe r, q ikiwa uongo, nipe p. Herufi q ndiyo inayoamua ni ipi kati ya mbili nyingine itakayodaiwa. Maana hiyo ilikuwa ndani ya fomula tangu mwanzo, lakini mishale iliifunika.

Linganisha na jedwali. Herufi tatu zinatoa mistari 8, na kwa fomula hii minne ni kweli na minne ni uongo. Ukisoma umbo la AU kutoka kwenye mistari ya kweli, unapata mafungu manne yenye vipande vitatu kila moja. Ukisoma umbo la NA kutoka kwenye mistari ya uongo, unapata vifungu vinne vya vipande vitatu. Yote ni sahihi, lakini ni marefu maradufu, na ile habari ya q kuwa mwamuzi haionekani mpaka ukae uyapunguze. Isitoshe, umbo la NA kutoka kwenye jedwali lina mtego wake: kila herufi lazima igeuzwe. Mstari ambao p ni uongo, q kweli na r uongo unatoa kifungu (p ∨ ¬q ∨ r), kwa sababu kazi ya kifungu ni kuukataza mstari huo. Anayeandika (¬p ∨ q ∨ ¬r) amekataza mstari mwingine kabisa.

Hata hivyo, silitupi jedwali. Nafasi yake halisi ni kukagua. Kabla ya kulijaza lote kuna ukaguzi mwepesi zaidi. Chukua kifungu kimoja cha umbo la NA, kifanye kiwe uongo, kisha uingize thamani hizo kwenye fomula ya mwanzo. Lazima nayo iwe uongo. Kwa (¬q ∨ r), weka q kweli na r uongo. Upande wa kulia wa mshale mkuu, q ∧ r, unakuwa uongo, na upande wa kushoto, p → q, ni kweli kwa p yoyote. Kweli kwenda uongo ni uongo. Kifungu kimepita. Kwa umbo la AU fanya kinyume: lifanye fungu moja liwe kweli, na fomula ya mwanzo lazima iwe kweli. Ukaguzi huu unanasa kifungu au fungu lisilostahili kuwepo. Usichokinasa ni kifungu kilichosahaulika, na hapo ndipo jedwali zima linahitajika.

Mshale wa pande mbili, p ↔ q, unahitaji neno lake. Una sura mbili zilizo sawa: (¬p ∨ q) ∧ (¬q ∨ p), na pia (p ∧ q) ∨ (¬p ∧ ¬q). Wengi wamezoea ile ya kwanza na huitumia popote. Ikiwa ↔ imekaa nje, bila si juu yake, na unakwenda kwenye umbo la AU, kuanza na sura ya kwanza kunakulazimisha kusambaza na kufuta takataka kama p ∧ ¬p, ili mwishowe ufike kwenye sura ya pili ambayo ungeiandika tangu mwanzo. Jua unakokwenda kabla ya kuifungua.

Yote haya yanakwenda vizuri fomula ikiwa ndogo. Kusambaza kuna ukomo wake. Chukua fomula ya mtindo huu, yenye mafungu ya vipande viwili viwili, herufi zote zikiwa tofauti:

```
(a1 ∧ b1) ∨ (a2 ∧ b2) ∨ ... ∨ (an ∧ bn)
```

Umbo la AU lipo tayari. Kwa umbo la NA, kila kifungu kinachagua herufi moja kutoka kila fungu, kwa hiyo idadi ya vifungu ni 2 kwa kipeo cha n. Mafungu 10 yanatoa vifungu 1,024. Mafungu 20 yanatoa 1,048,576, na hakuna hata kimoja unachoweza kukifuta kwa sababu kila kimoja kinadai jambo ambalo vingine havidai. Hapa bidii haisaidii, maana ukubwa huo umo ndani ya umbo lenyewe.

Njia ya kupita ilichapishwa mwaka 1968 na Grigori Tseitin. Badala ya kusambaza, kila fungu linapewa herufi mpya. Tuseme x1 inasimama badala ya (a1 ∧ b1). Tunaandika vifungu vinavyosema kwamba x1 na fungu hilo daima vina thamani moja:

```
(¬x1 ∨ a1) ∧ (¬x1 ∨ b1) ∧ (x1 ∨ ¬a1 ∨ ¬b1)
```

Tukifanya hivyo kwa kila fungu, kisha tukaongeza kifungu kimoja (x1 ∨ x2 ∨ ... ∨ xn), tunapata vifungu 3n + 1. Kwa mafungu 20 ni vifungu 61 badala ya zaidi ya milioni. Fomula ngumu zikipelekwa kwenye programu zinazotafuta thamani za kuifanya fomula iwe kweli, hutengenezwa hivyo, maana programu hizo kwa kawaida hupokea umbo la NA tu. Fomula yetu ndogo, p ikiwa 1, q ikiwa 2 na r ikiwa 3, ingeandikwa kwenye faili hivi:

```
p cnf 3 2
1 2 0
-2 3 0
```

Mstari wa kwanza unataja herufi 3 na vifungu 2. Alama ya kutoa ni si, na sifuri inafunga kifungu.

Lakini njia ya Tseitin ina bei yake, na hii nataka ielezwe darasani waziwazi. Fomula mpya si sawa kimantiki na ya zamani, kwa sababu ina herufi ambazo ya zamani haizijui. Kinachobaki ni hiki: moja ikiwa na namna ya kuwa kweli, nyingine pia inayo, na ukizitupa zile x, thamani zilizobaki zinaifanya fomula ya zamani kuwa kweli. Kwa hiyo swali likiomba umbo la NA lililo sawa na fomula iliyotolewa, herufi mpya haziruhusiwi. Utasambaza, hata ikiwa ndefu. Swali likiuliza tu kama fomula inaweza kuwa kweli, usisambaze kabisa.